Mbona supu ya yai inakuwa maziwa badala ya riboni

Dada yangu anakaa Kisumu, upande wa Nyalenda, na Jumapili moja alinitumia picha ya sufuria kwa wasapu bila neno lolote. Nikaifungua, nikaona supu ya kuku imekuwa rangi ya maziwa yaliyotiwa maji mengi, na pembeni povu la manjano limejishikilia kwa sufuria. Baada ya dakika moja ndio akaandika: "Kaka, nimeharibu mayai matatu na supu nzuri ya kuku. Ile ya hoteli wanafanyaje?"

Alikuwa ameonja ile supu ya Kichina, ile unaletewa kwa bakuli na unaona yai limeelea ndani kama riboni nyembamba za manjano, na supu yenyewe bado iko wazi hadi unaona chini ya bakuli. Akajua ni kuvunja yai tu na kumwaga kwa supu moto. Na kusema ukweli ni hivo tu, hakuna kiungo cha siri, lakini namna ya kumwaga ndio kila kitu.

Picha ilipofika kwa grupu ya familia kila mtu akatoa lake. Shangazi akasema moto ulikuwa mdogo, shemeji akasema moto ulikuwa mkali sana, mwingine akasema ati unatumia ute mweupe peke yake, mwingine akasema lazima uweke unga. Nyingi za hizo zina ukweli kidogo ndani yake ndio maana zinachanganya watu, mtu anajaribu moja peke yake inakataa anaona hii supu si ya nyumbani. Mimi nimepika hii supu miaka mingi hapa Nakuru, kwa hoteli na kwa nyumba, kwa hivyo wacha niifungue polepole.

Kwanza tuelewane maneno

Nikisema riboni namaanisha kipande chembamba cha yai kilichoiva, kirefu kama kidole ama zaidi, laini, kinaelea na kupindapinda ndani ya supu. Wachina wenyewe wanaiita supu ya maua ya yai, na ukiangalia vizuri unaelewa, kile kipande kinafunguka ndani ya supu kama petali.

Nikisema wingu namaanisha ile hali ya picha ya dada yangu. Yai liko ndani, halijapotea, lakini limekuwa vipande vidogo sana hadi jicho haliwezi kukiona kimoja kimoja, linaona tu weupe. Kama umewahi kusimama pale mto Nyando unapoingia ziwani wakati wa mvua unajua hii kitu. Maji ni ya kahawia kwa sababu udongo laini unaelea ndani na haushuki, lakini mchanga wa kokoto unashuka chini na maji juu yake yanabaki wazi. Ni ardhi ile ile, tofauti ni ukubwa wa vipande. Yai nalo ni hivo. Vipande vikubwa supu inabaki safi, vipande vya vumbi supu inakuwa maziwa.

Na nikisema kutokota namaanisha supu ambayo mapovu madogo yanapanda mfululizo pembeni na hapa na pale katikati, uso wake unatikisika lakini haurukiruki. Kuchemka kwa nguvu ni ile supu inagaragara, kifuniko kinacheza. Hii tofauti itarudi.

Yai liko kwa mbio

Yai bichi sehemu kubwa ni maji, kama robo tatu hivi. Ndani ya hayo maji kuna protini, na kila protini ni kama uzi mrefu uliokunjwa ukawa kafundo kadogo. Vile vifundo vikiwa baridi vinapitana tu, havishikani, ndio maana yai bichi linamwagika. Joto likiingia vifundo vinafunguka, nyuzi zinatoka, zinaanza kushikana na jirani. Zikishikana za kutosha unapata neti, na hiyo neti inashika maji ndani yake, na hiyo ndio tunaita yai lililoiva.

Sasa fikiria wavuvi wa Dunga wanafuma neti. Nyuzi zikiwa zote mkononi zinafungwa fundo kwa fundo, unapata neti moja. Lakini mtu akichukua zile nyuzi kabla hazijafungwa akazitupa ziwani, zikasambaa na mawimbi, halafu ndio aanze kuzifunga huko huko, atapata nini? Vipande vya uzi viwili viwili, vitatu vitatu. Hawezi kupata neti.

Hiyo ndio supu yako. Ukimwaga yai, kuna mambo mawili yanaanza wakati mmoja. La kwanza, joto linaanza kuligandisha. La pili, maji ya supu yanaanza kulitawanya. Yai likiganda kabla ya kutawanyika unapata riboni. Likitawanyika kabla ya kuganda unapata wingu. Kila kitu utakachosikia kuhusu hii supu, moto, unga, kukoroga, kikombe cha kumwagia, ni njia ya kusaidia upande mmoja wa hizi mbio.

Na kuna jambo baya zaidi hapo: yai likishatawanyika kwa maji mengi linahitaji joto zaidi ili ligande kuliko lingehitaji likiwa zito, kwa sababu nyuzi ziko mbali na hazikutani haraka. Kwa hivyo ukichelewa mwanzo, unazidi kuchelewa.

Joto: si kubwa si dogo, na mapovu yanadanganya

Ute mweupe unaanza kuganda kama kwenye nyuzijoto 60 za Selsiasi lakini hauwi mgumu vizuri hadi ukaribie 80. Kiini kinaanza kama 65 na kinashika kwenye 70. Ukiwa umechanganya vyote viwili, na unataka vigande papo hapo ndani ya sekunde moja ama mbili, unataka supu iwe juu kidogo, 85 kwenda 95. Chini ya hapo yai linaganda, ndiyo, lakini pole pole, na pole pole kwa hizi mbio ni kushindwa.

Sasa mtu atasema basi nichemshe kwa nguvu nimalize. Hapana. Supu inayogaragara ni moto wa kutosha lakini pia ni mawimbi. Yai linaganda haraka na papo hapo linapigwa na mapovu, linakatwakatwa kuwa chenga kama ufuta. Hiyo si wingu kamili, ukichota kwa glasi utaona chenga zinashuka chini baada ya muda, lakini riboni hakuna. Kwa hivyo shangazi na shemeji wote walikuwa na haki, mmoja anaongea juu ya joto, mwingine anaongea juu ya mawimbi, na wote wanasema "moto".

Hapa Nakuru kuna jambo moja zaidi. Tuko juu, kama mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na maji huku yanachemka kama kwenye nyuzijoto 94, si 100. Kisumu wako chini kidogo, kama mita 1,130, maji yanachemka kama 96. Mombasa ndio 100 kamili. Maana yake ni nini? Maana yake mapovu yakikuambia "nimechemka" hapa Nakuru, supu yako ina joto dogo kuliko ya mtu wa Mombasa mwenye mapovu yale yale. Bado inatosha riboni, lakini nafasi yako ya kupunguza moto ni ndogo. Mtu wa Pwani anaweza kuacha supu itulie kidogo kabla ya kumwaga na bado iko 90. Wewe wa Nakuru ama Eldoret ukiiacha itulie hivo hivo unakuta umeshuka chini ya 85 bila kujua. Kwa hivyo ile ushauri ya "zima moto kwanza ndio umwage yai", ambayo iko kila mahali, huku kwetu ni hatari. Acha moto mdogo uwake, mapovu madogo yaendelee.

Tuchukue sufuria ya dada yangu

Nilimpigia tukaongea hatua kwa hatua, na ilikuwa wazi shida iko wapi. Supu yake ilikuwa vikombe viwili, kama nusu lita. Mayai matatu, yametoka kwa friji saa hiyo hiyo. Alichemsha supu, akazima gesi, akaenda kuvunja mayai na kuyapiga, akarudi, akamwaga yote mara moja, akakoroga kwa mwiko kama mtu anayesonga ugali.

Piga hesabu na mimi. Supu imezimwa dakika kadhaa, sema imeshuka hadi 80. Mayai matatu bila maganda ni kama gramu 150, na yako nyuzijoto 5 za friji. Ukichanganya gramu 150 za baridi hivo na nusu lita ya moto, sufuria yote inashuka kama nyuzijoto 14. Tuko 66. Kwa 66 ute haujashika, kiini ndio kinaanza tu. Hapo mwiko unazungusha. Nyuzi zote za neti zimetupwa ziwani na bado hakuna fundo hata moja. Halafu akaona yai haliivi akawasha gesi tena, na yai likaganda sasa, lakini likiwa tayari vumbi. Hiyo ndio picha niliyoona.

Sasa chukua sufuria nyingine. Lita moja ya supu, inatokota, kama nyuzijoto 92, moto mdogo unawaka. Mayai mawili, gramu 100, yamekaa kwa meza hadi yakafika joto la nyumba, sema 22. Hata ukimwaga yote kwa pamoja supu inashuka kama nyuzijoto 5 tu, na ukimwaga kidogo kidogo moto unarudisha wakati unamwaga. Hushuki chini ya 87. Yai linakutana na joto la kutosha kila wakati.

Ni mayai yale yale ya duka, ni kuku yule yule. Ndio maana mimi nasema kitu cha kwanza si mkono wako, ni kipimo: mayai mawili kwa lita moja, na yasitoke kwa friji. Ukitaka yai zaidi kwa bakuli, weka supu zaidi, ama mwaga kwa awamu.

Unga, lakini unga gani

Hapa ndio naona watu wengi wanaumia zaidi, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Kusudi la unga si kushibisha wala si kufanya supu iwe uji. Kusudi ni kuifanya iwe nzito kidogo ili yai lisikimbie. Angalia tone la rangi kwa glasi ya maji, linasambaa saa hiyo hiyo. Weka tone hilo hilo kwa asali nyepesi, linakaa pale, linajivuta pole pole. Supu nzito kidogo inalipa yai sekunde mbili ama tatu za ziada kabla halijatawanyika, na sekunde mbili ni nyingi sana kwa yai linaloganda kwa 90. Faida ya pili ni kwamba riboni zikishaiva zinabaki zikielea katikati, hazirundikani juu.

Lakini unga unaofanya hiyo kazi ni konflawa, ile wanga safi ya mahindi, nyeupe pe, laini sana, ukiifinya kati ya vidole inalia kidogo kama inakwaruza. Si unga wa ugali. Najua zote zinatoka kwa mahindi na kwa jina zinafanana, na nimeshaona mtu akiweka unga wa ugali kwa hii supu akapata uji wa kuku wenye mayai. Unga wa ugali ni punje iliyosagwa, ina vipande ambavyo havipotei na unahitaji kupikwa muda mrefu, na wenyewe peke yake unafanya supu iwe wingu hata kabla ya yai. Unga wa ngano pia unaziba supu, inakuwa rangi ya mchuzi mweupe. Na ule unga wa muhogo wa kwa kina Busia, ni mzuri kwa ugali wa wimbi lakini si wanga safi, una nyuzinyuzi na uchafu mdogo mdogo wa muhogo wenyewe. Ukikosa konflawa, wanga wa viazi unafaa: kwaruza viazi, loweka kwa maji, kamua kwa kitambaa, acha maji yatulie, ile nyeupe inayoshika chini ya bakuli ndio yenyewe. Weka kidogo kuliko konflawa kwa sababu inashika kwa nguvu.

Kwa lita moja ya supu, vijiko viwili vya mezani vya konflawa, usijaze mlima. Koroga kwanza kwa robo kikombe cha maji baridi. Maji baridi, narudia, kwa sababu ukitupa wanga mkavu kwa supu moto unapata mabonge kama ya uji uliopikwa na mtu mwenye haraka, nje imeiva, ndani unga. Na usikoroge halafu ukaacha, wanga unashuka chini ya kikombe unakuwa kama saruji, kwa hivyo koroga tena sekunde ile unataka kumwaga.

Ukiimwaga supu itakuwa na weupe. Usiogope. Endelea kukoroga inapotokota, baada ya kama dakika moja weupe unapotea na supu inang'aa, inashika nyuma ya kijiko kwa utando mwembamba. Huo mng'ao ndio ishara. Ukimwaga yai kabla ya kuuona, wanga bado haujafanya kazi, na hutajua wingu limetoka kwa wanga ama kwa yai.

Je, bila wanga inawezekana? Inawezekana, nimefanya, lakini lazima supu iwe moto sana, yai limwagwe jembamba sana, na mkono usiguse sufuria hadi liive. Kwa mtu anayeanza, weka wanga.

Kabla ya yai, angalia supu yenyewe

Hii ni fupi lakini inaokoa ugomvi. Chota supu kwa glasi kabla ya kuweka yai lolote. Kama tayari ni ya maziwa, yai halina makosa. Supu ya mifupa ama ya kuku iliyochemshwa kwa nguvu saa nzima inavunja mafuta kuwa matone madogo madogo yanayoelea, na hayo hayatoki kwa kuchuja na chujio la chai. Ukitaka supu wazi, kuku achemke pole pole tangu mwanzo, toa povu la kijivu linapopanda, halafu chuja. Kuku wa kienyeji anahitaji muda, huo muda mpe kwa moto mdogo.

Kupiga yai na kumwaga

Vunja mayai kwa kikombe chenye mdomo, weka kijiko kimoja kidogo cha maji kwa kila yai na punje ya chumvi. Piga kwa uma, kupeleka na kurudisha huku uma umegusa chini ya kikombe, usinyanyue kama unapiga keki. Tunataka ute na kiini vichanganyike kabisa lakini hatutaki hewa. Kila povu unalotengeneza kwa kikombe litapanda juu ya supu na kuganda huko kama sifongo, na lile povu la manjano la pembeni kwa sufuria ya dada yangu lilitoka hapo. Jua umemaliza wakati ukiinua uma yai linateremka kama uzi mmoja bila vinundu vyeupe. Ukiona ile kamba nyeupe inayoshikilia kiini bado iko, itoe na uma, ama pitisha yai kwa chujio.

Kuhusu yai lenyewe, yai la siku nyingi lina ute wa majimaji zaidi, na ule ute wa maji ndio wa kwanza kukimbia na kufanya wingu. Yai jipya linakaa pamoja ukilivunja kwa sahani, kiini kimesimama, ute umekizunguka mzito. Kama ute umeenea sahani nzima kama maji, hilo likaange ama litie kwa chapati, si hii supu. Kienyeji ama gredi, zote zinafanya kazi. La kienyeji riboni inatoka manjano zaidi kwa sababu ya majani kuku anayokula, lakini ni dogo, kwa hivyo pengine uweke matatu mahali pa mawili. Na ile ya kutumia ute peke yake ni chaguo la rangi tu, unapata riboni nyeupe, haizuii wingu.

Sasa kumwaga. Supu inatokota, moto mdogo. Kwa mkono mmoja shika upawa uzungushe supu polepole, upande mmoja, mzunguko mmoja kwa kama sekunde mbili tatu, hadi uone supu yote inatembea. Toa upawa. Supu bado inazunguka yenyewe. Inua kikombe kama shibiri moja juu ya sufuria, na mwaga yai uzi mwembamba kama wa penseli ama chini ya hapo, ukitembeza mkono taratibu kutoka nje kuingia ndani. Ukitaka liwe jembamba zaidi, limwage likipitia meno ya uma. Supu inapozunguka inavuta ule uzi, inaurefusha, na joto linaushika ukiwa umenyooka. Urefu wa riboni unatoka kwa huko kuvutwa.

Halafu usiguse. Hii ndio sehemu ngumu kwa sababu mkono unataka kukoroga. Hesabu hadi 10, hadi 15 kama supu ni nyingi. Utaona yai linabadilika kutoka kung'aa kama plastiki kuwa la rangi iliyokolea, isiyopitisha mwanga. Hapo limeiva, fundo zote zimefungwa, na sasa ukipitisha upawa mara moja ama mbili taratibu unatenganisha riboni bila kuzivunja. Ukikoroga kabla ya hapo unarudi kwa vumbi, hata kama kila kitu kingine ulifanya sawa.

Watu wengi wanaogopa kwamba sekunde 15 ni chache, ati yai bado ni bichi na litaleta tumbo. Kipande chembamba kama karatasi ndani ya supu ya 87 kinafika joto hilo hilo ndani mwake kwa sekunde chache, na hilo ni juu ya joto ambalo yai huhesabiwa limeiva. Wa kuogopewa ni yai lililomwagwa bonge kubwa ambalo katikati limebaki laini, ama supu vuguvugu. Ukiona sehemu bado inang'aa na kuvutika, iache kidogo zaidi kabla ya kuzima. Ila usiendelee kuchemsha dakika tano ndio ujihisi salama, kwa sababu neti inakaza, inakamua maji yake, na riboni inakuwa kama mpira.

Jumapili iliyofuata

Dada yangu alirudia akiwa ameniweka kwa spika, simu imeegemea mkebe wa chumvi. Lita moja ya supu iliyochujwa, vipande vya tangawizi vimeshatolewa, konflawa vijiko viwili, mayai mawili yamekaa nje tangu asubuhi. Alipomwaga wanga akapiga kelele, "Kaka, imekuwa maziwa tena!" Nikamwambia angoja. Kimya. Baadaye nikasikia, "Aa, imeanza kung'aa."

Yai la kwanza lilitoka vizuri sana. Katikati ya la pili mkono ulichoka akashusha kikombe karibu na supu, na yai likaanguka zito, likafanya kipande kipana kama kiganja cha mtoto. Hiyo si wingu na ladha haina shida, ni kwamba uzi ulikuwa mnene na haukupata nafasi ya kuvutwa. Supu yenyewe ilibaki wazi. Alikata kitunguu cha majani akanyunyiza, akatuma picha, na safari hii grupu ilikuwa na swali moja tu, kutoka kwa shangazi ambaye ana wageni 16 mwezi ujao.

Kwa sufuria kubwa kanuni haibadiliki lakini mwendo unabadilika. Lita nne za supu zinataka mayai manane, na manane ukiyamwaga mfululizo ya nyuma yanaangukia ya kwanza kabla hayajaiva. Yagawe kwa vikombe vinne, mawili mawili. Mwaga kikombe cha kwanza, hesabu hadi 15, yatenganishe, ngoja mapovu madogo yarudi pembeni, ndio umwage cha pili. Jiko la makaa linashika joto vizuri kwa sufuria kubwa lakini haliitikii haraka ukitaka kupunguza, kwa hivyo kaa na koleo karibu utoe makaa mawili supu ikianza kugaragara. Na shangazi, yai usiliweke hadi wageni wakae. Supu yenye wanga inaweza kusubiri na kifuniko kwa moto mdogo sana, ila riboni zikingoja nusu saa kwa moto zinakaza, na zikilala hadi kesho zinapashwa moto polepole bila kuchemka, la sivyo wanga unalegea na zile riboni zinavunjika.